Kisa cha Miezi 13: Jinsi Mahakama Inavyoweza Kubatilisha Sheria Inayopingana na Katiba

Kwa miaka kadhaa mfanyakazi wa Kenya aliyefukuzwa kazi baada ya miezi 9, 10 au 12 alikuta mlango wa mahakama umefungwa. Aliyeufunga hakuwa mwajiri peke yake. Sheria yenyewe ilikuwa imeufunga. Sheria ya Ajira, ambayo Bunge la Kenya liliipitisha mwaka 2007 na ikaanza kutumika mwaka 2008, ilisema katika kifungu cha 45(3) kwamba mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja kwa muda usiopungua miezi 13 ndiye mwenye haki ya kulalamika kuwa ameachishwa kazi isivyo haki. Ambaye hajafikisha miezi 13 alibaki nje.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho ni batili, kwa sababu kinapingana na Katiba. Bunge halikukutana kukifuta, wala Waziri hakutoa amri. Kilianguka kwa shauri lililopelekwa mahakamani na mfanyakazi mmoja aliyekuwa ameachishwa kazi kabla ya kutimiza muda huo.

Wengi huuliza: Bunge limechaguliwa na wananchi, na sheria hutungwa na Bunge, jaji amepata wapi uwezo wa kusema kwamba sheria ya Bunge si sheria? Makala hii inajibu swali hilo kwa kukifuata kisa cha miezi 13 hatua kwa hatua. Tutaeleza pia mambo ambayo hukumu kama hiyo haiyafanyi, kwa sababu wafanyakazi wengi wamepata hasara kwa kudhani kwamba hukumu ikitoka tu basi mambo yao yote yamekwisha.

KATIBA IKO JUU YA BUNGE

Tuanze na jambo tunalolijua kazini. Chama na mwajiri wakitia sahihi mkataba wa pamoja, meneja hawezi kubandika tangazo ukutani linalopunguza likizo iliyokubaliwa katika mkataba ule. Ana haki ya kubandika matangazo ya kazi kila siku, lakini haki hiyo anaitumia ndani ya mipaka ya mkataba. Tangazo likitoka nje ya mipaka, katibu wa tawi atasema: tangazo hili halina nguvu.

Uhusiano wa Katiba na sheria za Bunge uko karibu na huo. Katiba ndiyo inayoliunda Bunge na kulipa uwezo wa kutunga sheria. Kwa hiyo Bunge haliwezi kutumia uwezo uliotoka katika Katiba kuivunja Katiba hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka ule, inalisema jambo hili katika Ibara ya 2(4): sheria yoyote isiyopatana na Katiba ni batili kwa kadiri ile isiyopatana nayo. Hata sheria za mila zimetajwa humo.

Ibara hiyo peke yake isingetosha, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuamua kama kweli sheria fulani haipatani na Katiba. Kama kazi hiyo ingeachiwa kila mtu, mwajiri angesema sheria ya mshahara wa chini inapingana na Katiba na kuacha kulipa. Kwa hiyo Ibara ya 165 inaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua swali hilo, na Ibara ya 23 inaitaja amri ya kutangaza sheria kuwa batili miongoni mwa amri ambazo mahakama yaweza kutoa mtu anapolalamika kwamba haki zake zimevunjwa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, nayo huamua maswali ya namna hiyo yanapotokea katika mashauri ya kazi.

Hapo ndipo jaji anapopata uwezo wake. Hasemi kwamba sheria ni mbaya, au kwamba yeye angeitunga vizuri zaidi. Anaweka maandishi mawili mbele yake, Katiba na sheria, na kuuliza kama yanaweza kusimama pamoja. Yasipoweza, lililo juu ndilo linalobaki.

MASWALI AMBAYO MAHAKAMA HUULIZA

Mahakama haiendi kutafuta sheria mbovu. Hungoja mpaka mtu afungue shauri. Nchini Kenya anayefungua shauri la haki za Katiba anaweza kuwa yule aliyeumizwa, au mtu mwingine kwa niaba yake, au chama kwa niaba ya wanachama wake. Mwanasheria Mkuu wa Serikali hushitakiwa pamoja na mwajiri, kwa kuwa sheria inayolalamikiwa ni ya nchi na Serikali ndiyo inayotakiwa kuitetea.

Mlalamikaji hawezi kusema tu, "Sheria hii inatuonea." Tangu mwaka 1979 mahakama za Kenya zimeshika kanuni kwamba anayedai Katiba imevunjwa aonyeshe ni ibara ipi, na imevunjwa kwa namna gani. Isitoshe, mahakama huanza kwa kuichukulia sheria ya Bunge kuwa inapatana na Katiba. Anayeipinga ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kinyume.

Swali la kwanza la mahakama ni hili: kifungu hiki kinafanya nini hasa? Maneno yaweza kuonekana ya kawaida, lakini matokeo yake yakawa makali. Kifungu cha 45(3) kwa maneno yake kilikuwa kinatoa haki: "mwenye miezi 13 ana haki ya kulalamika." Ukikigeuza ndipo unapoona kilichowanyang'anya wengine. Kama wafanyakazi wawili wamefukuzwa siku moja, kwa tuhuma moja, bila kusikilizwa, na mmoja ana miezi 14 na mwingine ana miezi 11, wa kwanza anaweza kwenda mahakamani na wa pili hawezi.

Swali la pili: kinagusa haki ipi ya Katiba? Hapa ziliguswa haki kadhaa. Ibara ya 27 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki sawa ya kulindwa nayo. Ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi. Ibara ya 48 inazungumzia haki ya kufika mbele ya vyombo vya haki, na Ibara ya 50 haki ya mgogoro kusikilizwa na kuamuliwa na mahakama. Haki hizi zimeandikwa kwa ajili ya kila mtu. Hakuna mahali zinaposema zinaanza mwezi wa 14.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndipo mashauri mengi yanaposhindwa. Je, Serikali ina sababu ya kutosha ya kuipunguza haki hiyo? Katiba haisemi kwamba kila haki ni kamili isiyoguswa. Ibara ya 24 inakubali baadhi ya haki zipunguzwe kwa sheria, lakini kwa masharti. Mahakama hupima uzito wa haki yenyewe, uzito wa shabaha ya sheria, ukubwa wa upungufu unaofanywa, na kama shabaha hiyo isingeweza kufikiwa kwa njia isiyoumiza sana.

Mtu angeweza kukitetea kifungu cha 45(3) kwa kusema kwamba mwajiri anahitaji muda wa kumpima mfanyakazi mpya. Lakini muda huo tayari ulikuwepo. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 42, inaruhusu kipindi cha majaribio cha miezi 6, na kinaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6 mfanyakazi akikubali. Hata ukihesabu vyote viwili unapata mwaka mmoja, na miezi 13 bado imezidi. Na kumpima mfanyakazi hakuhitaji kumnyima mlango wa mahakama, kwa maana mwajiri aliyempima na kuona hafai anaweza kwenda kusema hivyo mbele ya jaji na kuonyesha kumbukumbu zake.

Mahakama Kuu haikuona sababu ya maana ya kumtenga mwenye muda mfupi na mwenzake mwenye muda mrefu kidogo. Ikatamka kwamba kifungu cha 45(3) hakipatani na Katiba, kwa hiyo ni batili.

KINACHOANGUKA NI KILE KINACHOGONGANA TU

Rudini kwenye maneno ya Ibara ya 2(4): batili "kwa kadiri ile isiyopatana." Maneno haya machache yana kazi kubwa. Mahakama haiichomi sheria nzima kwa sababu ya kifungu kimoja, kama vile fundi wa kiwandani asivyotupa mashine nzima kwa sababu jino moja la gurudumu limevunjika. Hukata penye ubovu na kuacha penye uzima.

Shauri jingine la mwaka 2021 linaonyesha jambo hili vizuri. Kifungu cha 42(1) cha Sheria ile ile ya Ajira kilisema kwamba masharti ya kifungu cha 41 hayamhusu mfanyakazi ambaye mkataba wake wa majaribio unakatishwa. Kifungu cha 41 ndicho kinachomtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, kwa afya au kwa utendaji hafifu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama pale kazini. Kwa hiyo mtu wa majaribio aliweza kuondolewa bila kuulizwa neno.

Mahakama ya Ajira ilikuwa imekwisha kuukubali msimamo huo mwaka 2014. Lakini mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo, wakikaa pamoja, walitamka kwamba kifungu cha 42(1) hakipatani na Katiba.

Baada ya hukumu hiyo, je, kipindi cha majaribio kilifutika? La. Kifungu cha 42(2) kinachoweka kikomo cha miezi 6 hakikuguswa. Kifungu cha 42(4) kinachoruhusu mkataba wa majaribio ukatishwe kwa taarifa isiyopungua siku 7 au malipo ya siku 7 hakikuguswa. Kilichoondoka ni ule ukuta uliomzuia mtu wa majaribio asisikilizwe. Mwajiri bado anaweza kumwachisha wakati wa majaribio, ila kwanza amweleze na amsikilize.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi akisikia kwamba "mahakama imefuta sheria ya kazi," asikubali habari hiyo juu juu. Aulize: ni kifungu gani, na ni maneno yapi ya kifungu hicho? Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia amepata nini.

TUMCHUKUE MFANYAKAZI MMOJA

Tuseme mama mmoja anafunga pakiti katika kiwanda cha chai. Amefanya kazi miezi 9 na majaribio yake yamekwisha. Asubuhi moja msimamizi anamwambia kwamba pakiti zimepungua ghalani na kwamba yeye ndiye anayeshukiwa. Anaambiwa arudishe aproni na asionekane tena langoni.

Kabla ya hukumu ya mwaka 2012, wakili wa mwajiri angesimama na kusema: huyu hana miezi 13, mahakama haina haja ya kusikiliza zaidi. Shauri lingekufa hapo, kabla mtu yeyote hajauliza kama kweli pakiti ziliibwa.

Baada ya hukumu, utetezi huo unajibiwa kwamba kifungu kilikwisha kutamkwa kuwa batili. Shauri linaendelea, na sasa vifungu vingine vya sheria vinaanza kufanya kazi. Chini ya kifungu cha 43 mwajiri anatakiwa athibitishe sababu ya kumwachisha. Chini ya kifungu cha 41 anatakiwa aonyeshe kwamba alimsikiliza, hata kama kosa analomshitaki nalo ni la kufukuzwa papo hapo. Akishindwa, mahakama yaweza kuamuru mama huyo alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, au hata arudishwe kazini.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Kama mwajiri ana daftari la ghala, ana mashahidi, na alimwita mama huyo mbele ya mwakilishi wa chama akamsikiliza kabla ya kuamua, mama anaweza kushindwa. Hukumu ya mwaka 2012 ilimfungulia mlango aingie. Haikumpa ushindi ndani ya nyumba. Mfanyakazi asiyekuwa na barua ya ajira, hati za mishahara wala shahidi atakuwa na shida mahakamani, awe na miezi 9 au miaka 9.

Muda nao haungoji. Malalamiko kwa ofisa wa kazi yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu mtu kuachishwa, na shauri la mahakamani ndani ya miaka 3. Hukumu juu ya miezi 13 haikuugusa muda huo hata kidogo.

HUKUMU YAWEZA KUPINDULIWA

Sasa tufike kwenye hatari ambayo wengi hawaioni. Tamko la Mahakama Kuu si lazima liwe neno la mwisho. Serikali au mwajiri anaweza kukata rufani, na mahakama ya juu inaweza kukirudisha kifungu kilichokuwa kimeangushwa.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 ndiyo mfano mkubwa kwa wafanyakazi wa Kenya. Kabla ya sheria hiyo, mtu aliyekatwa vidole na mashine aliweza kumshitaki mwajiri kwa uzembe katika mahakama ya kawaida na kudai fidia. Sheria mpya ilisema katika kifungu cha 16 kwamba madai ya ajali za kazini yafuate njia ya sheria hiyo tu: yapelekwe kwa Mkurugenzi wa Serikali anayehusika na usalama na afya kazini, naye ndiye atakayekadiria fidia. Asiyeridhika apinge kwanza kwa Mkurugenzi, kisha akate rufani katika mahakama ya kazi.

Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu kadhaa, cha 16 kikiwemo, havipatani na Katiba ya wakati ule. Katiba hiyo ya zamani nayo ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba sheria isiyopatana nayo ni batili, kwa hiyo uwezo huu wa mahakama haukuanza mwaka 2010. Baada ya hukumu hiyo wafanyakazi wengi walioumia waliendelea kupeleka madai yao katika mahakama za kawaida kama zamani.

Kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaipindua sehemu kubwa ya hukumu ile. Ilisema kifungu cha 16 hakimnyimi mfanyakazi mahakama. Kinamwelekeza aanze kwa Mkurugenzi, na mlango wa mahakama uko wazi kwa njia ya rufani. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini Kenya, ikakubaliana na Mahakama ya Rufani. Njia iliyokuwa imefungwa mwaka 2009 ikafunguliwa tena baada ya miaka 10, na mabishano mengine yakazuka juu ya hatima ya mashauri yaliyofunguliwa katika mahakama za kawaida katika miaka ile.

Linganisheni sasa visa viwili. Kifungu cha miezi 13 kilimfungia mfanyakazi mlango asipate pa kulalamikia kabisa. Kifungu cha fidia kilimbadilishia mlango wa kuingilia, na mahakama za juu zikaona kwamba kubadilisha mlango si sawa na kuufunga. Hapo ndipo penye tofauti kati ya sheria inayoshindwa na sheria inayopona. Chama kinachofikiria kwenda mahakamani kupinga sheria kinapaswa kujiuliza mapema: sheria hii inatunyima haki, au inatupa njia nyingine ya kuifikia haki ile ile, hata kama njia hiyo hatuipendi? Kama ni hilo la pili, shauri litakuwa gumu.

Na mwenye dai mkononi afanye hivi: amuulize wakili au katibu wa chama kama hukumu anayoitegemea imekatiwa rufani. Ikiwa rufani bado inasubiri, mtu asiiache njia iliyoandikwa na sheria mpaka ashauriwe, maana aliyeiacha anaweza kukuta muda umempita upande wa pili.

Kuna tatizo jingine dogo lakini lenye usumbufu. Mahakama haina kalamu ya kufuta maneno katika kitabu cha sheria. Kifungu kilichotamkwa kuwa batili chaweza kuendelea kuchapwa kitabuni mpaka Bunge lenyewe lipitishe marekebisho ya kukiondoa. Kwa hiyo ofisa utumishi anaweza kumfungulia mfanyakazi kitabu na kumwonyesha: "Soma, imeandikwa miezi 13." Anayejua ajibu kwa kutaja hukumu, mahakama iliyoitoa na mwaka wake. Tawi la chama likiwa na nakala ya hukumu katika faili, mabishano hayo huisha upesi.

NCHI JIRANI NYINGINE

Wasomaji wetu walio Tanzania na Uganda wasidhani kwamba utaratibu wa Kenya ni wao pia. Kanuni ya msingi ni ile ile, lakini njia zinatofautiana.

Uganda, Ibara ya 2 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema sheria yoyote isiyopatana na Katiba ni batili kwa kadiri ya kutopatana huko. Lakini swali lenyewe haliamuliwi na Mahakama Kuu. Linapelekwa katika Mahakama ya Katiba, ambayo ni Mahakama ya Rufani inapokaa na majaji 5 kwa kazi hiyo. Swali hilo likitokea katikati ya shauri katika mahakama nyingine, laweza kupelekwa huko likaamuliwe kwanza. Rufani huenda Mahakama ya Juu.

Tanzania, kanuni hiyo imo katika Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mashauri ya haki za msingi husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Mambo mawili ni tofauti na Kenya, na mfanyakazi ayashike. Kwanza, marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la namna hii aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Hivyo mashauri yaliyofunguliwa kwa niaba ya watu wengine yakawa magumu, na chama kingeweza kulazimika kumtafuta mwanachama aliyeumizwa hasa na sheria hiyo asimame yeye mwenyewe. Pili, Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kuibatilisha sheria mara moja, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Katika muda huo sheria inahesabiwa kuwa halali.

Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa Tanzania anaweza kushinda shauri leo, na kesho sheria ile ile ikaendelea kutumika dhidi yake mpaka itakaporekebishwa au mpaka muda uliotolewa uishe. Kwa hiyo akisikia hukumu imetoka, aulize na hili: je, mahakama imetoa muda, na muda huo unakwisha tarehe gani? Tarehe hiyo iandikwe kwenye ubao wa tawi, mahali ambapo kila mwanachama ataiona.